Maswali ya kila siku kuhusu koki na vifaa vya choo: valvu gani, metali gani, na washa yake inapatikana hapa Mtwara?

Haya ni maswali ambayo mimi kama fundi bomba naulizwa karibu kila wiki na watu wa Mtwara mjini, Mikindani, na wengine wanapiga kutoka Lindi na Masasi. Nimeyaweka pamoja ili mtu asome kabla hajaenda dukani, maana wengi wananipigia wakiwa wameshanunua na hapo cha kusaidia kinakuwa kidogo.

Fundi nipo hadwea sasa hivi, nichukue koki ya aina gani?

Kabla hujauliza bei, mwambie muuzaji akuonyeshe spea ya hiyo koki. Simaanishi akuambie ipo, namaanisha aitoe aiweke mezani. Kama ni koki ya washa akupe washa yake, yani ule mpira wa ndani, kama ni ya seramiki akupe katriji yake, yani kile kipande cha ndani chenye visahani. Akianza kusema "hizi haziharibiki bosi" ujue spea hana, na ikiharibika utanunua koki nzima upya.

Kwa ndani koki zote utakazokutana nazo maduka ya huku ni za aina tatu. Ya kwanza ni ile ya zamani ya washa, unazungusha mara mbili tatu ndo inafunguka yote, ndani kuna kipande kinashuka na mpira wake unakandamiza tundu maji yanakata. Ya pili ni ya seramiki, unazungusha robo tu imefunguka, ndani kuna visahani viwili vigumu vimesagwa vikalala sawasawa, kila kimoja kina tundu, matundu yakikutana maji yanapita. Ya tatu ni ya bol, ile ya mkono mrefu unaolala ukifungua, ndani kuna kigololi kina tundu katikati na kimebanwa na pete mbili nyeupe.

Kwangu mimi, nyumba ya kawaida hapa Mtwara inayopata maji kwa zamu na kuyahifadhi kwenye simtanki, koki za kutumika sana naweka za washa. Sio kwamba ni nzuri kuliko zote, ila ndo pekee ambayo ikianza kudondosha saa mbili usiku, kesho asubuhi mtoto anatumwa duka la karibu anarudi na mpira wa shilingi mia chache na koki inakuwa mpya.

Nitajuaje kama ni ya washa au ya seramiki wakati kwa nje zinafanana?

Ifungue hapohapo dukani. Ikigoma baada ya robo mzunguko ni seramiki (au bol, ila bol utaijua kwa mkono wake). Ikiendelea kuzunguka huku mti wake wa kati unapanda ni ya washa. Afu angalia kwa kuchungulia mdomo wa kuingilia maji, kwenye nyingi za washa utauona ule mpira mweusi unapanda na kushuka ukizungusha.

Nimeweka seramiki nzuri ya bei, haijamaliza mwaka inadondosha. Nimeuziwa feki?

Inawezekana, lakini mara nyingi kosa ni mchanga. Vile visahani vinaziba kwa sababu uso wake umenyooka kabisa, hakuna mpira pale katikati. Sasa maji yakikatika siku mbili tatu afu yakarudi, yale ya kwanza yanakuja na kutu na mchanga wote uliolala kwenye mabomba, chembe moja ikiingia kati ya visahani na wewe ukafunga inachora mstari, na mstari ukishachorwa hakuna kuusugua ukatoka. Koki ya washa chembe hiyohiyo inaizamisha kwenye mpira na maisha yanaendelea.

Kwaiyo ukipenda seramiki, ilinde. Maji yakirudi usifungue kwanza hiyo koki, fungua ya nje kabisa uache yatoke mpaka yawe meupe ndo ufungue za ndani. Na kwenye bomba linaloingia ndani weka chujio, lipo la brasi lenye umbo kama herufi Y, lina kifuniko chini unakifungua unatoa wavu unausuuza unarudisha. Ukishaona kiasi cha mchanga kinachokaa mle kwa mwezi hutauliza tena kwa nini koki zinakufa.

Kuna sababu ya pili hasa kwa watu wa visima na wale wa upande wa Mikindani wenye mawe ya matumbawe chini, maji yanakuwa na chokaa. Hapo koki haivuji, inakuwa ngumu kuzungusha. Toa katriji, iloweke kwenye siki usiku mmoja, suuza, irudishe. Ikibaki ngumu ndo unanunua nyingine, na hapa ndo tunarudi palepale: inauzwa wapi?

Katriji si zinafanana zote? Si nachukua yoyote ya nusu inchi?

Hapana, na hili ndo linawatesa watu zaidi ya yote. Katriji mbili zinaweza kuwa zote ni za nusu inchi na zisiingiliane. Kuna urefu wa mti wa juu, ukiwa mfupi hendo haikai, ukiwa mrefu hendo inaning'inia. Kuna meno ya ule mti, nyingi zina meno 20 ila zipo za 24, na ukilazimisha hendo ya meno tofauti inazunguka bure. Afu kuna upande wa kufungia, kwenye koki pacha za moto na baridi moja inafunga kulia nyingine kushoto. Za miksa ya mkono mmoja, ile koki inayochanganya maji ya moto na baridi, nazo zina upana wake, zinazoonekana sana ni milimita 35 na 40, na tofauti hiyo kwa jicho huioni mpaka uipime.

Kwaiyo usiende dukani na maneno. Funga maji, toa katriji ya zamani, nenda nayo mkononi. Muuzaji aziweke mbili pamoja juu ya meza wote muone.

Na washa je, kuna saizi?

Zipo lakini chache, na hapa ndo raha yake. Koki za nyumbani karibu zote ni nusu inchi au robo tatu. Jambo moja tu, nusu inchi ni saizi ya bomba, sio ya mpira, ukipima mpira wenyewe kwa rula nyingi unakuta zinakaribia milimita 19. Mtu anaenda dukani anasema nipe mpira wa nusu inchi kwa maana ya upana wake anapewa kitu kidogo kinachozama ndani ya tundu. Sema "washa ya koki ya nusu inchi", au bora zaidi nenda na ya zamani hata kama imechakaa.

Angalia vitu viwili, tundu la katikati lilingane na kile kijino cha koki kinachoushika mpira, na unene. Nyembamba sana utazungusha mpaka mwisho na maji bado yanatoka. Wale wanaokata mpira kutoka kwenye kandambili au tyubu ya baiskeli, unaziba kweli, lakini ni laini mno, ukikandamizwa unapanuka unajikunja pembeni na ndani ya wiki chache unarudi kudondosha. Ni wa kulalia usiku mmoja tu duka likiwa limefungwa.

Nabadilishaje washa mwenyewe?

Funga koki kuu au ile ya simtanki, afu fungua koki unayotengeneza maji yaliyobaki yaishe. Juu ya hendo kuna kifuniko kidogo, kitoe kwa ncha ya kisu, chini yake kuna skrubu. Ukitoa hendo utaona nati kubwa ya pembe sita, hiyo ndo kichwa cha koki. Shika mwili wa koki kwa mkono mmoja au spana ya pili ili usije ukazungusha bomba lililo ukutani, spana nyingine ifungue kichwa kwa kupeleka kushoto. Kikitoka kigeuze, chini kabisa kuna mpira, wa zamani utaukuta una duara limezama kama pete, hapo ndo ulipokuwa unakandamizwa. Umeshikwa na kinati kidogo au umechomekwa tu. Weka mpya, rudisha.

Ila usirudishe haraka. Kabla hujafunga chukua tochi ya simu umulike ndani ya mwili wa koki, utaona kiduara ambacho mpira unakalia, sisi tunakiita kiti. Pitisha kidole kwa upole. Kikiwa laini pande zote, washa yako itakaa mda mrefu. Kikiwa na kibonde au kimeliwa upande mmoja, hata uweke washa kila mwezi itakatika, maana kile kibonde kinaukata mpira na maji yanapita pembeni yake. Kuna kifaa cha kusagia kiti, kinafungwa palepale pa kichwa unakizungusha kwa mkono kinasawazisha, waulize mafundi wenzangu wa mjini baadhi wanacho. Kama kiti kimeliwa sana, koki imefika mwisho, badilisha yote.

Inavuja lakini sio mdomoni, inatoka kwenye hendo nikifungua.

Hiyo sio washa. Ni oringi au uzi uliofungwa kuzunguka mti wa kati. Kaza kidogo ile nati ndogo ya juu, ikigoma fungua uzungushie thredi tepu kwenye mti, au ubadili oringi. Na ikivuja pale inapoingia ukutani ni thredi, itoe yote ufunge tepu upya.

Niambie kuhusu chuma sasa, wanasema nunua nzito.

Uzito unasaidia lakini haumalizi kesi. Koki nyingi za kung'aa zimepakwa kromu juu, swali ni chini ya kromu kuna nini. Inayofaa ni brasi, wengine huku wanaiita shaba ya njano. Isiyofaa ni ile ya zinki, inamiminwa kwenye kalibu, kwa nje inang'aa kuliko hata ya brasi.

Igeuze uangalie kwenye thredi ya kuingilia maji na ndani ya mdomo, sehemu ambazo kromu haifiki vizuri. Ukiona njano ni brasi, ukiona kijivu ni zinki. Sumaku haitakusaidia hapa, haishiki brasi wala zinki, itakayoshika ni ile yenye chuma, kwa mfano mkono wa koki ya bol ambao mara nyingi ni chuma kilichovalishwa plastiki nyekundu na kwa upepo wetu wa bahari ndo kitu cha kwanza kuoza. Nimeona Shangani koki ya bol nzima kabisa kwa ndani lakini mkono umelika umebaki kipande, mwenye nyumba anafungulia plaizi.

Tatizo la zinki ni thredi. Inakatika siku ya kuifungua, sio siku ya kuifunga. Inakaa ukutani miaka miwili, inaliwa taratibu, fundi akija kubadili inavunjika na kipande cha thredi kinabaki ndani ya bomba, na sasa kazi ya dakika kumi imekuwa ya kuvunja vigae.

Brasi nayo sio kwamba haina ugonjwa. Kama unatumia kisima chenye chumvi, baada ya miaka utaona sehemu za ndani zimegeuka rangi ya waridi kama shaba nyekundu, hapo zinki iliyokuwa ndani ya brasi imeondoka na iliyobaki ni kama sifongo, ukikaza kwa nguvu inapasuka. Ukiona rangi hiyo usikaze, badilisha.

Za plastiki je? Ni rahisi na haziozi.

Kwa chumvi ni kweli, haziozi. Jua ndo linazimaliza, koki ya plastiki iliyokaa uani inapigwa na jua mchana kutwa inapauka afu inakuwa ngumu na siku moja inakatika shingo mtoto akiivuta. Ndani ya bafu au chini ya sinki inafaa. Funga kwa mkono mpaka igome afu ongeza nusu mzunguko basi, spana ndefu inapasua thredi. Na nyingi hazifunguki ndani, yani hakuna cha kutengeneza, ikifa imekufa.

Ya nje ya kuchotea maji watu wengi, niweke ipi?

Bol ya brasi, nusu inchi au robo tatu. Inafunguliwa na kila mtu, inakazwa na kila mtu, na washa pale haitakaa maana kila anayefunga anaona hajakaza vya kutosha. Bol ukigeuza mkono robo ukakingama na bomba imefunga, hakuna cha kuongeza nguvu. Pete zake za ndani huku huzipati kwaiyo hiyo hesabu tangu mwanzo kuwa ni ya kubadili nzima, na mkono ukioza badili mkono peke yake, nati moja tu. Ichezeshe mara moja moja hata kama haitumiki, isipoguswa mda mrefu kigololi kinashikana.

Shemeji kaniletea miksa nzuri kutoka Kariakoo. Niiweke?

Iweke, ila mpigie shemeji kabla hajasahau duka, anunue katriji mbili za hiyo hiyo miksa azitume kwa basi. Ziweke kwenye mfuko uandike ni za wapi. Mtu anayekaa Dar akiharibikiwa anapanda daladala, wewe una zaidi ya kilomita 500.

Jambo lingine ni presha. Simtanki iliyo juu ya mnara wa mita tatu inakupa kama bar 0.3 tu, maana kila mita kumi za kimo ndo bar moja. Miksa nyingi zimetengenezwa kwa presha kubwa kuliko hiyo, njia zake za ndani ni nyembamba, utapata maji ya kulia machozi wakati koki ya washa pembeni yake inajaza ndoo. Kama ni bafu la juu lililo karibu na usawa wa tanki ndo kabisa, usihangaike.

Tuje chooni. Ndani ya tenki la flashi kuna vitu vingi, kipi ni kipi?

Ni vitu viwili tu vya maana. Kimoja kinaingiza maji, chenye boya, na kingine kinaachia maji yashuke kwenye sinki. Kila ugonjwa wa flashi uko kwenye kimoja kati ya hivyo.

Cha kuingiza kipo cha aina mbili. Cha zamani kina mkono mrefu na boya la duara mwishoni, boya likipanda mkono unasukuma kipistoni chenye kimpira kinaziba. Cha kisasa kimesimama wima kama mnara, boya linapanda juu ya mnara huohuo, na juu yake kuna kiwambo cha mpira chembamba ambacho kinafunga kwa kusaidiwa na presha ya maji yenyewe. Umeona mtego? Kwa maji ya simtanki ya chini presha ni ndogo, kile kiwambo hakikazwi vya kutosha, unasikia chiiii usiku kucha. Kwa nyumba ya tanki la chini mimi naweka cha mkono mrefu bila kufikiria mara mbili, kinafunga kwa nguvu ya boya na kimpira chake ni kidogo unaweza kukipata au kukigeuza upande wa pili kikatumika tena.

Ukinunua cha mnara, fungua chini kwenye thredi uone kama kina kichujio kidogo. Tenki likichelewa kujaa, tisa kati ya kumi ni hicho kimejaa mchanga, kitoe ukisuuze kabla hujanunua kingine. Na uliza maji yanaingilia wapi, chini ya tenki au ubavuni, vifaa hivyo haviingiliani.

Cha kuachia maji nacho kina sura zake. Kuna saifoni ya hendo, hii haivuji kwa asili yake maana maji hayawezi kuvuka mpaka uyasukume juu, ila kiwambo chake cha plastiki kikichanika inabidi upige hendo mara tatu nne ndo ishuke. Kiwambo hicho ni karatasi ya plastiki tu, fundi anaweza kukikata kutoka kwenye plastiki ngumu. Kuna flapa, kifuniko cha mpira na mnyororo. Na kuna ya vitufe viwili ambayo ndo inauzwa zaidi sasa, kidogo lita 3 na kikubwa lita 6, chini yake kuna mpira wa duara unakaa juu ya tundu. Ni nzuri kuokoa maji mpaka ule mpira uchoke.

Bili imepanda au simtanki inaisha haraka na sioni maji yanamwagika popote.

Anza chooni. Nikupe mfano wa nyumba moja ya kupangisha Chikongola, mama mwenye nyumba alikuwa anagombana na wapangaji kwamba wanafua sana, tanki la lita 1000 lilikuwa halimalizi wiki.

Tulifanya hivi. Tenki la choo likiwa limejaa tukafunga ile engo valvu ya chini yake ili yasiingie mengine, tukachora mstari kwa penseli pale maji yalipoishia, hakuna mtu kuflashi kwa nusu saa. Tuliporudi maji yameshuka sentimita 2. Tenki kwa ndani lilikuwa sentimita 35 kwa 15, zidisha upate 525, mara 2 ni sentimita za ujazo 1050, yani lita moja na kidogo. Lita moja kwa nusu saa ni mbili kwa saa, 48 kwa siku, zaidi ya 1400 kwa mwezi. Tenki moja na nusu la mama linashuka chooni kimyakimya, na kwenye sinki ulikuwa unaona utepe mwembamba tu wa maji ambao kila mtu alifikiri ni unyevu.

Kwa kuwa yalishuka wakati yamefungwa, mgonjwa ni mpira wa kuachia. Yangebaki palepale kwenye mstari, halafu tukifungua yakaendelea kupanda mpaka yanamwagikia kwenye ule mrija wa kati, mgonjwa angekuwa boya. Kipimo hichohicho kimoja kinakuambia ununue kipi, usije ukanunua vyote.

Flashi yake ilikuwa ya vitufe. Unaizungusha robo kushoto mwili wote unachomoka, mpira uko chini. Kwanza tuligeuza ule mpira upande wa pili na kufuta kiti kwa kitambaa, kulikuwa na utelezi na chokaa. Ikashuka milimita chache tu kwa nusu saa, bado sio sifuri, kwaiyo mpira ukaenda dukani kutafuta mwenzake. Duka la kwanza walikuwa na flashi nzima tu, hawana mpira peke yake. La pili walikuwa nao wenye tundu kubwa zaidi, ukikaa unacheza. La tatu ndo ukapatikana unaolingana kwa nje na ndani, tukawekeana yote miwili juu ya kaunta. Tulinunua miwili, mmoja wa akiba. Baada ya kuufunga mstari wa penseli haukusogea.

Wapangaji waliombwa radhi, hilo sio la fundi ila nalitaja.

Bolti za kufungia tenki juu ya sinki la choo zina umuhimu gani?

Zinazokuja ndani ya boksi mara nyingi ni chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu. Kwa hewa ya Mtwara na Lindi zinatoa kutu mapema, unaona michirizi ya kahawia kwenye sinki nyeupe. Nunua za brasi au stenlesi tangu siku ya kwanza na washa zake za mpira nene, moja ndani ya tenki na nyingine nje. Kaza bolti ya kulia kidogo, ya kushoto kidogo kwa kupokezana, ukikaza upande mmoja mpaka mwisho tenki la udongo linapasuka.

Zile dawa za bluu za kutumbukiza kwenye tenki?

Zenye klorini zinakausha mipira ya ndani, inakuwa migumu inaacha kuziba. Weka dawa kwenye sinki, sio kwenye tenki.

Mimi niko Newala (au Nachingwea), hadwea yetu ni ndogo. Ninunue vipi?

Geuza utaratibu. Usichague koki afu utafute spea, nenda kwanza kwenye hiyo hadwea ndogo uangalie washa na mipira iliyotundikwa ukutani ni ya aina gani, halafu ununue koki na flashi zinazotumia hiyo. Utakuta ni washa za nusu inchi, kimpira cha boya la mkono mrefu, thredi tepu na labda flapa. Basi nyumba yako iwe ya hivyo vitu.

Na ukijenga, koki zote ziwe za aina moja. Nawaambia hasa wale wanaojenga msimu wa korosho, hela ipo, kila chumba kinawekwa koki ya muundo wake, mwaka unaofuata una koki sita za makatriji sita. Zikiwa aina moja, mfuko mmoja wa washa kumi unahudumia nyumba nzima, na ikitokea koki moja imekufa unaichinja inakuwa spea ya wenzake.

Fundi wangu anasema koki ikivuja dawa ni kubadili yote. Ni kweli?

Mwambie aifungue kwanza mbele yako. Kiti kikiwa kimeliwa, au ni zinki thredi zimeanza kuisha, au ni bol, yuko sahihi. Kama kiti ni laini na washa ndo imechoka, mpe hela ya washa na ya kazi yake, na umlipe vizuri tu, maana wengi wanasema badilisha yote kwa sababu kubadili washa watu wanalipa hela ya soda.